Siku Nilipoyasingizia Maziwa ya Somo

Nilimwambia mwanamke mmoja, mbele ya watu, kwamba ananitilia maji kwenye maziwa. Hakuwa ametia hata tone. Hayo ndiyo ninayoyaandika hapa, na ninayaandika kwa mkono wangu ingawa shule yangu iliishia darasa la nne. Mjukuu alitaka kuniandikia, nikaona ataniandika vizuri kuliko nilivyokuwa.

Majina ya wote waliokuwepo ninayo. Ninalo la yule aliyekuwa akikaanga maandazi, na la mama yake aliyemzaa. Ninayo ya ng'ombe wote wawili waliotoa maziwa yale, na ya ndama wao. Sitayaweka, maana wenyewe hawajaniruhusu, na mmoja hayupo tena wa kuombwa ruhusa. Huyo nitamwita somo, kama nilivyozoea kumwita, kwa kuwa jina letu lilikuwa moja. Mimi langu nilipewa kanisani, yeye lake alipewa na wazazi Waislamu waliohamia kutoka Kondoa. Tulikutana ukubwani, mjini Dodoma, tukawa tunataniana kila siku kwamba mmoja wetu kamwibia mwenzake.

Jibini nilifundishwa na sista mmoja mzee, zamani, nilipokuwa nikipika jikoni kwa masista. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni tu, lakini cha jikoni alikuwa nacho chote, na neno alilolipenda ni polepole. Unachukua maziwa mabichi ya asubuhi ile ile, unayaweka kwenye sufuria nzito, moto wa wastani. Unakoroga huku mwiko unakwaruza chini, maana yakishika chini, jibini lote litanuka moshi. Unangoja mpaka povu lianze kupanda pembeni na mvuke uwe mwingi, yako karibu kuchemka ila hayajachemka. Mwanzoni niliona moto huo wote ni kupoteza mkaa, kwa kuwa ndimu hukata maziwa hata yakiwa vuguvugu. Sista hakubishana nami. Alinipa sufuria mbili, moja nikaiepua mapema, nyingine nikaifikisha kwenye povu. Ya vuguvugu ilitoa kidogo, na laini mno. Akasema iko sehemu ya maziwa isiyosikia ndimu mpaka kwanza isikie moto. Usipoipasha inaondoka na maji, wala huioni ikiondoka.

Ukishaepua, unatuliza kidogo, kisha unamimina ndimu iliyochujwa mbegu na kuchanganywa na maji kiasi. Kijiko kwa kijiko, na mwiko unazunguka taratibu kama wa mtu anayewaza jambo lingine. Mabonge meupe yatajitenga, na maji yatakayobaki yatakuwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na njano, yanapitisha mwanga. Hapo unaacha. Ukizidisha ndimu jibini linakuwa chachu, linashikamana gumu. Ukipunguza, maji yanabaki meupe kama ya kuoshea mchele, na ule weupe ni jibini lako linakwenda kwa kuku. Ukikoroga kwa hasira, mabonge yanavunjika kuwa unga na kupita kwenye kitambaa. Basi unafunika, unaacha kama muda wa kusali rozari ya haraka, ndipo unachota na kuchuja.

Nilipostaafu jikoni kwa masista nikahamia Chang'ombe kwa mwanangu, nikaanza kutengeneza la kwangu. Wanunuzi hawakukosekana. Watumishi waliohamia na serikali walilitafuta, wanafunzi wakaliita chizi, na mama mmoja wa Kihindi alikuwa akilichukua kupikia mchicha. Vipimo vyangu vilikuwa makopo ya majarini, yale madogo, niliyoyatoboa chini kwa msumari wa moto ili maji yachuruzike. Lita kumi za maziwa ya somo zilinipa makopo manane. Maziwa ya watu wengine niliyowahi kujaribu yalinipa saba, au sita na nusu. Ya somo ni manane. Kwa hiyo nikashika ya somo.

Alikuwa anakaa nje ya mji, barabara ya kwenda Kondoa, na ng'ombe wawili chotara ambao aliwalea tangu ndama. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alishuka na gari la asubuhi, madumu mawili. La kwangu lilikuwa la lita kumi, lingine la kugawa mtaani kwetu: kwa mama maandazi, kwa fundi cherehani, na kwa majirani wawili wenye watoto wadogo. Alikamua mwenyewe. Hakuna mtu mwingine aliyegusa chuchu za ng'ombe wale, hata mwanawe wa kiume, hata mke wa mwanawe aliyekuwa akikaa naye nyumba moja.

"Hodi hapa. Mwizi wa jina yupo?"

"Yupo. Pita, mwenye nalo. Wamekupa nini leo?"

"Mmoja kanipa. Yule mwingine ana tabia kama yako, mpaka abembelezwe."

Tulikuwa hivyo miaka kumi na moja. Alikuwa akikaa kwenye kigoda changu nikipasha maziwa, akinihesabia makopo kwa sauti kana kwamba ni watoto wanaingia shule. Likifika la nane anasimama na kujifunga kanga vizuri, anaondoka. Ilikuwa ndiyo saa yake.

Mwaka huo ninaousema, mvua zilipokwisha na upepo ukaanza kubeba vumbi, makopo yakawa saba. Nikasema ndimu. Kiangazi kinapoingia ndimu za sokoni huwa zina ngozi nene na maji kidogo, na ukali wake unabadilika. Wiki iliyofuata nikaongeza. Maji yalitoka safi, kijani-njano, lakini makopo ni saba. Nikaacha ndimu nikatumia siki, ambayo ukali wake haubadiliki toka chupa moja hadi nyingine. Saba. Nikafikiri ni moto, nikaziba upepo kwenye jiko na kulisubiri povu kama bibi harusi. Saba, halafu sita na nusu. Nikabadili kitambaa, labda kimechoka kinapitisha. Nikayachuja yale maji ya jibini mara ya pili kwa kitambaa kipya, hakikubakiza kitu. Mkono wangu nikaulaumu, nikakoroga kwa kijiko cha chai badala ya mwiko. Mwishoni mwa mwezi wa saba nilikuwa napata makopo sita.

Somo alikuwepo akihesabu. Lilipofika la sita aliendelea kukaa, akinisubiri. Nikageuza sufuria kumwonyesha hakuna.

"Kiangazi," akasema.

"Labda," nikasema.

Lakini sikuamini, na hapa ndipo napaswa kueleza kichwa changu kilivyokuwa kinafanya kazi, kwa sababu sikuwa mjinga na hilo ndilo lililoniponza. Miaka yote niliona kwamba kiangazi ng'ombe hupunguza maziwa, lakini machache hayo yanakuwa mazito. Na ng'ombe wale walikuwa na miezi mingi tangu wazae, na maziwa ya mwishomwisho kabla ng'ombe hajakauka ndiyo yenye jibini zaidi. Kwa hesabu hiyo makopo yangepanda yafike tisa. Yakashuka. Tena dumu la somo halikupungua. Watu wengine wote wa maziwa walikuwa wakilia kwamba wanapata nusu, yeye ananiletea lita kumi zile zile. Na nilipoyamimina kwenye sufuria nyeupe niliona yana rangi ya samawati pembeni, mepesi, hayaachi utando mzito ubavuni mwa dumu kama zamani. Kila mama wa Dodoma anajua rangi ile ni ya nini.

Nilikaa nayo wiki tatu. Ningemuuliza siku yoyote kati ya hizo, wawili tu, jikoni kwangu. Nilinyamaza, na kunyamaza kule kukawa kunachacha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Makopo matano na kitu. Nilikuwa na oda ya manane kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa mtumishi mmoja, na mwenyewe alikuwa njiani anakuja kuyachukua. Nilipotoka nje na hasira zangu nikamkuta somo kwenye kibanda cha mama maandazi, anamiminia watu. Fundi cherehani yupo, majirani wawili wapo na vyombo vyao mikononi.

Mama maandazi alikuwa anamtania: "Mama, mbona leo unamimina kwa kukumbatia dumu? Umepata mchumba?"

Wakacheka. Na kweli alikuwa amelikumbatia dumu kwa mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, anainama nalo mwili mzima ili maziwa yatoke. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu. Sikuliuliza.

Nikasema, "Msicheke. Muulizeni kwanza amemimina nini humo."

Akageuka. "Somo, kuna nini?"

"Makopo matano. Kwa lita kumi. Mimi nimekata maziwa tangu kabla ng'ombe wako hawajazaliwa, somo. Maziwa hayapungui jibini yenyewe, yanapunguzwa."

"Yanapunguzwa na nani?"

"Kisima kiko kwako. Mimi sina kisima."

Fundi cherehani akashusha chombo chake chini, taratibu. Somo alinitazama muda mrefu. Nilitegemea ataniwakia, alikuwa na ulimi mkali kunizidi. Badala yake akaiangalia mikono yake, akaiingiza ndani ya kanga.

"Mimi nikutilie wewe maji."

"Sijui. Yaulize maziwa."

"Haya," akasema. "Nitayauliza."

Akatia mkono kwenye mpini wa dumu mpaka kwenye kiwiko, kama mtu anayebeba kikapu, akaondoka kwenda kusubiri gari. Ijumaa hakuja. Ila hata angekuja, mama maandazi alishapata mtu mwingine wa maziwa, na majirani vivyo hivyo. Sikuwaambia waache. Haikuhitajika, maana mimi ndiye niliyejulikana kwa maziwa mtaani.

Jumatano iliyofuata akaja mke wa mwanawe, binti mpole, ana mtoto mgongoni na dumu kichwani. Aliniamkia kwa heshima zote, shikamoo mama, akapiga magoti kidogo. Alilitua dumu mbele ya mlango wangu akakataa kukaa.

"Mama amesema yapimwe. Mbele ya wale wale waliokuwepo. Amesema yeye hatakuja, lakini majibu yaje."

"Nani amekamua?"

"Yeye mwenyewe. Alianza kabla ya alfajiri, tukamaliza kuswali bado anakamua."

Mama maandazi ana mpwa wake anayefanya kazi ya mifugo kwenye kata, binti msomi ila hana maringo, alikuwa mteja wangu. Tukamwita. Akaja na kipimo chake, kichupa cha kioo chembamba chenye mistari shingoni na uzito chini. Sote tulikusanyika kibandani, wale wanne na mimi na mke wa mwanawe somo. Binti wa mifugo akasema tungoje maziwa yapoe vizuri na povu liishe, kwa sababu yakiwa ya moto yanadanganya. Tukangoja. Mtoto mgongoni alikuwa analia, mama maandazi akampa andazi.

Akayageuza maziwa kwenye dumu mara kadhaa yachanganyike, akamimina kwenye chombo kirefu, akaachia kile kioo kiogelee. Kilishuka kidogo, kikapanda, kikasimama. Akainama kusoma.

"Bibi, hapa hakuna maji."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Yangekuwa na maji kioo kingezama. Hiki kimesimama juu, juu kuliko kawaida." Akachota maziwa yale yale kwenye chombo cha pili, akatia kikombe cha maji ya bomba, akatumbukiza kioo. Kikazama hadi mstari wa chini. "Umeona? Hivi ndivyo maji yanavyosema."

Niliona. Wote waliona. Mke wa mwanawe somo alivuta pumzi, nadhani hakuwa amevuta tangu afike.

Ingeishia hapo, ningekwenda kuomba msamaha na yeye angenipa kwa matusi yake ya kawaida, yakaisha. Lakini mimi nikauliza. Sikuweza kuacha, kitu cha jibini kinapokuwa hakijaeleweka siwezi kuacha. Nikasema, "Basi jibini langu limekwenda wapi? Na hii samawati?"

Binti wa mifugo akachovya kidole, akakisugua na kingine. "Hayana mafuta, ndiyo maana kioo kinaelea juu hivi. Mafuta ni mepesi, yakitoka, maziwa yanayobaki yanakuwa na uzito. Kuna mtu anaengua malai?"

"Hapana mama," mke wa mwanawe somo akajibu. "Kwetu hatuengui."

"Basi hawamalizi kukamua." Akanigeukia mimi, ananieleza kama mwanafunzi. "Maziwa ya mwanzo ya kwenye kiwele ni mepesi, bibi. Mafuta mengi yanakuja na yale ya mwisho kabisa, yale ya kubana. Ukiacha ya mwisho, umeacha malai. Ndama wa pale wakoje?"

Mke wa mwanawe somo alikuwa ameinama. Akasema kwa sauti ndogo, "Wamenenepa sana."

"Ndiyo wanaokunywa jibini la bibi. Anayekamua ni nani, ana haraka gani?"

"Hana haraka." Kisha akaanza kulia, na mtoto naye. "Mikono yake haifungi. Tangu mvua zilipokwisha. Vidole vimevimba kwenye maungio, asubuhi anavichovya kwenye maji ya moto ndipo vikunjike. Anaanza kukamua, anafika mahali anashindwa kubana, anamwachia ndama. Akatukataza kusema. Na ili dumu la hapa lisipungue akakata maziwa ya nyumbani, watoto wanakunywa chai ya rangi."

Hakuna aliyenitazama. Ningependa wangenitazama.

Nilikaa siku tatu bila kwenda. Nilijiambia natafuta zawadi. Siku ya nne nikapanda gari la Kondoa mikono mitupu nikashuka kwake. Nilimkuta ubavuni mwa nyumba upande wa kivuli, amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyosha, mikono ameiweka juu ya mapaja kama vitu vya mtu mwingine aliyemwachia avishike. Zizini nilimsikia mke wa mwanawe anamsemesha ng'ombe.

"Somo, nimekuja."

"Nimekuona tangu barabarani. Unatembea kama kuku aliyenyeshewa. Kaa."

Nikakaa. Nikamwambia yote, kwamba nilikosea, kwamba wale wanne walisikia kwa masikio yao hakuna maji, kwamba mama maandazi anataka maziwa yake tena na fundi vilevile, na kwamba jina lake ni safi. Nilisema maneno mengi. Aliniacha niyamalize.

"Jina letu," akasema. "Umelisafisha na lako."

"Nisamehe."

"Maji nimeshakusamehe. Nilipompa huyu binti dumu, nilijua kioo kitasema maji au si maji. Basi. Sikujua kinajua na mikono."

Akaniambia lililotokea. Yule binti aliporudi alimwambia mumewe, kwa kuwa sasa kila mtu mtaani kwetu alikuwa anajua, haikuwa siri tena. Na mwanawe, kwa upendo kabisa, akamwambia mama yake apumzike. Kesho yake asubuhi ndoo ya kukamulia ikapita mikononi mwa mke wake. Kwa watu wa nyumba ile, anayekamua ndiye mwenye nyumba. Ndiye anayesema mtoto yupi anywe, mgeni yupi apewe, kipi kiuzwe. Mama mkwe wa somo alishika ndoo ile mpaka alipokufa, na somo aliingoja miaka kumi na sita.

"Na wewe ungeniambia tu," nikasema. "Mikono inauma, somo, siwezi. Ningekuja kukukamulia mwenyewe."

"Ndiyo maana sikukuambia." Akaangalia zizini. "Bora mngeniacha mwizi. Mwizi anakamua."



Baada ya siku hiyo yule binti akawa ndiye anayeleta maziwa, siku zile zile. Ana vidole virefu, vyenye nguvu. Anaanza na ndama kidogo ili ng'ombe aachie, anamfunga pembeni, anakamua, na mwisho anabana kila chuchu mpaka inatoa uzi mwembamba na kukatika, ndipo anamwachia ndama alambe. Dumu la kwanza aliloniletea nililipasha bila kutaka kulitazama. Povu lilipanda zito, la rangi ya siagi. Mabonge yalijitenga kwa vijiko vichache tu vya ndimu, makubwa. Nilipoyajaza kwenye makopo yakawa manane, na kilichobaki kwenye kitambaa nusu ya la tisa. Mteja mmoja akasema bibi, mkono wako umerudi. Nikamfungia lake, nikampa.

Nilikuwa nakwenda kwa somo kila Jumapili baada ya misa. Nilimpaka mafuta ya nyonyo mikononi, nikamnyoa nywele, nikamsimulia habari za watu wa mtaa na majina yao yote. Jibini sikulitaja. Aliongea kidogo, na mara nyingine alinitania, lakini ukali ulikuwa umemtoka. Alikuwa anakula mlenda akilishwa kwa kijiko, na hilo alilichukia kuliko maumivu.

Jumapili moja, mvua zinakaribia, mawingu yamesimama upande wa mashariki tangu asubuhi, akaniuliza ghafla.

"Siku hizi yanatoka mangapi?"

Nilielewa mara moja. Alikuwa ameliweka swali hilo moyoni muda wote huo, anasubiri awe tayari. Yakiwa manane, basi ni mikono yake, si kingine, na yule binti ni bora kuliko yeye, na ndoo imekwenda inakostahili. Yakiwa machache, bado kulikuwa na ukame na majani makavu vya kulaumiwa. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, kama wa mtu anayengoja majibu ya hospitali.

"Yale yale," nikasema. "Sita."

"Sita?"

"Sita, somo. Juzi matano na kitu."

Akaiangalia mikono yake. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kibandani aliigeuza viganja juu.

"Basi ni kiangazi," akasema.

"Ni kiangazi."

Ndipo nikageuka nikamwona yule binti. Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, ndoo mkononi, imejaa mpaka povu linafika ukingoni. Alikuwa amesikia yote. Nilikuwa nimemsingizia maziwa mtu wa pili katika nyumba ile ile, na huyu akiwa amesimama hapo hapo, tena nikijua ukweli. Alitusogelea, akaitua ndoo upande ambao somo hakuweza kuona ndani yake, akasema tu kwamba mvua hii ikinyesha majani yatapona.

Alinisindikiza hadi barabarani. Gari lilipoonekana kwa mbali, vumbi lake likitangulia, akasema:

"Mama, ni manane?"

"Manane na nusu. Kama ya kwake zamani. Nisamehe, mwanangu."

Akaniwekea kikapu begani, akanifunga kanga iliyokuwa imelegea.

"Jumapili akikuuliza tena," akasema, "sema sita."

Mvua zilinyesha, majani yakapona, hata pembezoni mwa barabara kukawa kijani. Somo akaniuliza mara mbili nyingine kabla hatujamzika. Nikasema sita. Mara ya mwisho yule binti ndiye aliyesema sita, kabla yangu.